Kusoma picha za kichwa chako: je, nywele za mbele zinarudi nyuma, au ni kamera tu?

Mtu anayeanza kuhofia upara kwa kawaida huwa na picha mbili mkononi. Ya zamani inaonyesha nywele zilizojaa, ya juzi inaonyesha panja zilizoingia ndani. Tatizo ni kwamba ya zamani ilipigwa kivulini na mtu aliyesimama mbali, na ya juzi ni selfi chini ya taa ya dari, simu ikiwa umbali wa mkono. Sehemu kubwa ya tofauti anayoiona imeletwa na kamera na taa. Kinyume chake pia hutokea: nywele zinapungua kweli, lakini mwenyewe hajui kwa sababu kila picha imepigwa kivyake na amezoea kuchana nywele kuelekea mbele.

Hapa nitaeleza namna ya kupiga picha za mbele na za juu zinazoweza kulinganishwa, kisha namna ya kuzisoma. Nimemlenga zaidi mwanamume kijana anayetaka kujua kama mstari wake wa nywele unasogea. Mambo ya wanawake nimeyataja pale yanapotofautiana.

Kwanza ujue unachokitafuta

Upara wa kurithi hauanzi kwa nywele kudondoka na kuacha ngozi tupu. Kila unywele huota kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa miezi mitatu hivi, hudondoka, kisha mwingine huota kwenye shina lile lile. Kwa mtu aliyerithi upara, homoni iitwayo dihidrotestosteroni hulidhoofisha shina pole pole, na kila unywele mpya huota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi unabaki laini kama malaika ya mkononi. Hii ndiyo sababu dalili ya mapema kabisa huonekana kwenye *unene* wa nywele za ukingoni kabla mstari wenyewe haujasogea. Wengi hukodolea macho mstari tu, na ishara hii huwapita.

Udhaifu huo una maeneo yake. Kwa wanaume huanza kwenye panja zote mbili, au utosini pale nywele zinapozunguka, au kote kuwili. Nywele za kisogoni na za pembeni juu ya masikio huwa haziguswi. Jambo hili litakusaidia sana, kwa sababu kisogo chako ndicho kipimo cha kulinganishia: ngozi ikionekana zaidi mbele na kisogoni vile vile, huenda ni taa, au ni tatizo la aina nyingine.

Kuna mabadiliko mengine ambayo si upara. Mvulana huwa na mstari wa chini ulionyooka, unaokaribia kunjo la juu kabisa linalojitokeza kwenye paji anapoinua nyusi. Kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, wanaume wengi mstari huo hupanda kwa takriban upana wa kidole kimoja juu ya kunjo hilo, panja zikijikunja kidogo, kisha hutulia. Huo ni mstari wa mtu mzima. Katika picha moja, mstari wa namna hiyo unaweza kufanana kabisa na mwanzo wa upara. Kinachovitofautisha ni kwamba mmoja husimama na mwingine huendelea, na hilo huwezi kulijua bila picha zilizopishana miezi.

Kupiga picha zinazofaa kulinganishwa

Kosa linalodanganya kuliko yote ni umbali. Simu ikiwa karibu na uso, kilicho karibu na lenzi hukuzwa kupita kiasi. Ukiinamisha kichwa kidogo tu, paji linatangulia na kuonekana pana kuliko lilivyo. Kwa hiyo usipige selfi. Iweke simu kwenye stendi au juu ya rafu, kamera ya nyuma ikikutazama, umbali wa mita moja na nusu, kwenye usawa wa macho. Tumia ukuzaji wa mara mbili ikiwa uso ni mdogo mno kwenye fremu. Tia alama sakafuni mahali pa miguu na mahali pa stendi, kwa sababu miezi sita baadaye hutakumbuka.

Kuhusu mwanga, chagua chanzo kimoja na ukibakishe hicho hicho. Taa ya dari iliyo juu ya kichwa moja kwa moja hupenya kati ya nywele na kuianika ngozi, hata ya mtu asiye na tatizo lolote. Mwanga wa dirishani unaokuja usoni ni mzuri, ila hubadilika kwa saa na majira. Mimi ninapendelea flashi ya simu katika chumba chenye taa hafifu, maana flashi haibadiliki sana mwezi hadi mwezi. Zima vipodozi vya kamera vinavyolainisha ngozi na ile hali ya kutia ukungu nyuma ya mtu. Vyote viwili hufuta vinywele vyembamba vya ukingoni, na hivyo ndivyo hasa unavyotaka kuviona. Hifadhi faili asilia. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa, na vinywele hivyo ndivyo vya kwanza kupotea.

Nywele ziwe safi, kavu kabisa, bila mafuta wala jeli. Zikiwa na maji au mafuta hushikana vishada vishada na ngozi huonekana katikati. Ziwe pia na urefu ule ule. Ukinyoa kwa mashine, piga picha siku zile zile baada ya kunyoa kwa namba ile ile, mfano siku ya kumi. Mwenye nywele za kipilipili zilizorefuka ajue kwamba mikunjo inaficha ngozi vizuri sana, hivyo ama azipunguze kwa urefu mmoja kila safari, au azigawanye kwa njia ya katikati na kuzibana pande mbili bila kuzivuta kwa nguvu.

Kinyozi naye ana nafasi yake. Akikuchonga mstari wa mbele kwa wembe au mashine, huwa anaondoa nywele halisi za ukingoni, na vinyozi wengi husogeza mstari kidogo nyuma kila wanapochonga ili utoke umenyooka. Ukingo ulionyooka kama rula hauna habari yoyote ya upara. Acha wiki mbili hadi tatu bila kuchonga kabla ya picha. Ukiona vidoto vyeusi vya nywele zinazochipua mbele ya mstari uliochongwa, vikiwa na unene sawa na nyingine, basi mstari wako wa kweli uko pale kwenye vidoto.

Kila safari piga hizi: uso mbele, nyusi zimetulia, nywele zimerudishwa nyuma kwa kibanio au kwa kitambaa kisichofunika ukingo, kisha kichwa kimeinamishwa kidevu kiguse kifua, ili sehemu ya juu yote ionekane, mwisho utosi, kamera ikiwa juu na nyuma kidogo. Mbili za mwisho mwombe mtu akupigie, na picha ya utosi ionyeshe kisogo pia.

Pima kosa lako kabla ya kupima nywele

Hatua hii karibu kila mtu huiruka, nami naiona kuwa ndiyo ya maana kuliko zote. Siku ya kwanza piga seti nzima, ondoka, kaa nusu saa, urudi upige seti ya pili kana kwamba ni mwezi mwingine. Nywele zako hazijabadilika katika nusu saa. Tofauti yoyote utakayoipima kati ya seti hizo mbili ni kosa la njia yako: shingo iliyoinama kidogo zaidi, miguu iliyosogea, nywele zilizolala upande. Iandike. Kuanzia hapo, mabadiliko yoyote yasiyozidi mara mbili ya tofauti hiyo usiyahesabu.

Kusoma picha ya mbele

Usipime kwa sentimita moja kwa moja, kwa kuwa ukubwa wa uso hubadilika picha hadi picha. Tumia umbali kati ya mboni za macho yako kama rula. Kwa mtu mzima umbali huo haubadiliki, hivyo ndio unaounganisha picha zote. Usianzie kwenye nyusi. Hupanda na kushuka.

Fungua picha kwenye programu yoyote inayoonyesha pikseli, kisha izungushe hadi mboni zilale usawa mmoja. Pima umbali kati ya mboni. Halafu, kutoka kwenye mstari unaopita kwenye mboni, pima kwenda juu hadi nywele zinapoanza, mahali patatu: katikati ya paji, juu ya pembe ya nje ya jicho la kulia, na juu ya pembe ya nje ya jicho la kushoto. Gawanya kila kipimo kwa umbali wa mboni. Utapata namba tatu ndogo zinazoweza kulinganishwa mwaka mzima. Hakikisha tu kwamba hakuna picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo, la sivyo panja ya kulia itasomwa kama ya kushoto.

Nywele "zinapoanza" ni wapi? Amua kanuni na uishike: mimi huchukua mahali ambapo nywele nene zinafunika zaidi ya nusu ya ngozi, na kuviacha vile vyembamba vilivyo peke yake. Lakini vinywele hivyo usivisahau. Ikuze picha kwenye panja na uangalie upana wa kama kidole kimoja nyuma ya ukingo. Ukingo wenye afya una nywele zinazofanana unene, na mbele yake kuna malaika chache tu. Ukingo unaodhoofika una mchanganyiko: mnene, mwembamba, mfupi uliofifia, vyote mahali pamoja. Mchanganyiko huo ukipanuka kuelekea nyuma kutoka seti moja hadi nyingine, shina zinadhoofika hata kama namba zako hazijasogea. Usichanganye na nywele changa zinazoota upya: hizo ni fupi lakini ncha zao zimechongoka, rangi yake imekolea, na miezi mitatu baadaye utazikuta zimerefuka kwa sentimita tatu hivi, kwani nywele za kichwani huota karibu sentimita moja kwa mwezi. Kinywele kilichodhoofika hubaki kifupi.

Kusoma picha ya juu

Utosini pana mtego. Pale nywele zinapozunguka kila mtu ana kidoa cha ngozi, kwa sababu nywele zinaelekea pande zote kutoka hapo. Kukiona si habari mpya. Angalia mpaka wake: je, ngozi imebaki kwenye kitovu cha mzunguko, au imetambaa nje na kutengeneza duara lisilo na kingo kali? Linganisha seti mbili kwa kutazama nywele zilizo sentimita mbili hadi tatu kutoka kwenye kitovu. Zikiwa bado zinafunika sawasawa na za kisogoni, utosi uko salama kwa sasa.

Katika picha ya kidevu kifuani, pitisha mstari wa kuwaza kutoka sikio moja hadi jingine ukipita juu ya kichwa. Katika kipimo cha Norwood ambacho madaktari hukitumia kwa wanaume, daraja la pili lina panja zilizoingia ambazo ncha yake bado iko angalau sentimita mbili hivi mbele ya mstari huo, pande zote mbili zikikaribia kulingana. Zikiingia zaidi ya hapo, ni daraja la tatu, na ndilo la chini kabisa linalohesabiwa kuwa upara. Hilo linasaidia kutuliza watu wengi wa daraja la pili, mradi picha zinazofuata zinaonyesha kwamba wametulia hapo.

Kwa mwanamke, picha ya juu ina uzito kuliko ya mbele. Kwake kwa kawaida mstari wa mbele hubaki, na kinachopanuka ni njia ya katikati. Gawanya nywele katikati na ulinganishe upana wa njia karibu na paji na upana wake kuelekea kisogo. Ukipanuka mbele na kubaki vile vile nyuma, huo ni mpangilio wa kurithi.

Mfano uliopigiwa hesabu

Tuseme kijana wa miaka 24 anapiga seti mwanzoni, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Seti zake mbili za siku ya kwanza zimetofautiana kwa 0.02, kwa hiyo kizingiti chake ni 0.04.

Mwanzoni umbali wa mboni ni pikseli 400. Katikati ya paji ni 528, panja ya kulia 620, ya kushoto 612. Akigawanya anapata 1.32, 1.55 na 1.53.

Mwezi wa sita mboni ni pikseli 405. Vipimo vingine ni 535, 636 na 628, yaani 1.32, 1.57 na 1.55. Panja zimepanda kwa 0.02 kila upande. Hiyo iko ndani ya kosa lake, na hapaswi kutangaza lolote. Ila anapokuza picha anaona nyuma ya ukingo wa kulia vinywele vyembamba vilivyochanganyika na vinene, ambavyo mwanzoni havikuwepo. Anaandika: "namba hazisemi kitu, unene una shaka."

Mwezi wa kumi na mbili mboni ni 410. Vipimo ni 541, 668 na 656, yaani 1.32, 1.63 na 1.60. Sasa panja ya kulia imepanda kwa 0.08 na ya kushoto kwa 0.07, mbali zaidi ya kizingiti. Katikati haijasogea hata kidogo, na hilo linathibitisha kwamba hakuinamisha kichwa: angekiinamisha, namba zote tatu zingepanda pamoja. Ikiwa mboni zake ziko sentimita 6.3, basi 0.08 ni kama nusu sentimita kwenye picha, na kwenye ngozi ni zaidi ya hapo, kwani kichwa kinapinda kwenda nyuma hapo panjani. Utosi wake haujabadilika ukilinganishwa na kisogo.

Usomaji wake basi ni huu: panja zote mbili zinarudi, kwa kulingana, zikiwa na nywele zinazodhoofika ukingoni. Haulingani na mstari wa mtu mzima uliotulia. Unatosha kumpeleka kwa daktari wa ngozi. Angejihukumu kwa namba za mwezi wa sita peke yake, angekosea kwa vyovyote vile, ama kwa kuogopa mapema au kwa kujiona salama.

Kabla ya kuamini usomaji wako, mpe mtu mwingine picha bila tarehe, umezichanganya, umwombe azipange kuanzia nywele nyingi hadi chache. Katika majaribio ya dawa za nywele, wataalamu hulinganisha picha bila kujua nani alipewa dawa, na huzipa alama kati ya kupungua sana na kuongezeka sana. Msaidizi wako akishindwa kuzipanga, mabadiliko, kama yapo, ni madogo mno kuyategemea.

Mipangilio inayosema jambo jingine

Nywele zikipungua kichwa kizima, kisogo kikiwemo, na zikidondoka kwa wingi ghafla, rudi nyuma miezi miwili hadi mitatu: homa kali, upasuaji, kujifungua, kupunguza uzito haraka. Mashina yaliingia mapumzikoni kwa pamoja. Mara nyingi hujaa tena ndani ya miezi sita hivi kisababishi kikiisha, na picha za kila mwezi zitaonyesha nywele fupi zenye ncha zikirefuka.

Ukingo ukirudi kwa mtu anayesuka kwa kubana au kuvaa nywele nzito za kuunganisha, tazama mbele kabisa ya eneo lililopungua. Kubakia kwa utepe mwembamba wa vinywele pale ulipokuwa mstari wa zamani ni ishara ya kuvutwa. Hapo kulegeza msuko mapema ndiyo tiba, maana kuvutwa kwa miaka mingi hulifunga shina moja kwa moja.

Kuna hali ambazo hazingoji seti ya pili. Ngozi ya ukingoni iliyong'aa bila vitundu vya nywele, wekundu au magamba kuzunguka kila unywele, muwasho au maumivu, nyusi zinazopungua pamoja na mstari wa mbele, au viraka vya mviringo visivyo na nywele: yoyote kati ya hizo ni ya kuonwa na daktari wiki hiyo hiyo, kwa kuwa baadhi huacha makovu ambayo nywele haziwezi kuyapenya tena.

Upige kila baada ya muda gani

Miezi mitatu ndiyo muda mfupi kabisa wa kupishanisha seti za picha, miezi sita ndiyo muda mfupi kabisa wa kutoa hukumu, na mwaka ndio unaotosha kwa wengi. Kupiga kila wiki kunakuonyesha kosa lako la kamera tu, tena na tena. Ukianza dawa, piga seti siku unayoanza kabla ya tone au kidonge cha kwanza. Anayetumia minoksidili anaweza kudondosha nywele zaidi katika wiki za mwanzo, kwa sababu zilizokuwa mapumzikoni zinasukumwa nje, hivyo picha ya mwezi wa pili inaweza kuonekana mbaya kuliko ya kwanza. Isome, iandike tarehe, lakini ilinganishe ile ya mwezi wa sita na ya mwanzo. Unapokwenda kwa daktari, beba faili asilia, jedwali la namba zako pamoja na kizingiti chako, na tarehe za kunyoa, kuugua na kuanza dawa.